Mkoba wa zambarau: picha sita na maneno yake

*Kaka, shikamoo. Nauza mikoba ya ukili yenye mikanda ya ngozi, kwa Instagram na kwenye tovuti ndogo niliyotengenezewa. Picha napiga mwenyewe kwa simu, usiku nikishatoka kazini. Juzi mteja wa Dodoma amenirudishia mkoba wa zambarau, anasema kwenye picha aliona damu ya mzee, tena alitegemea mkubwa zaidi. Wengine kila siku wananiuliza ndani kukoje. Nipige picha ngapi, za upande gani? Halafu kijana wa tovuti anataka nijaze sehemu ya "Alt text" kwa kila picha. Nimekuwa nikiandika "mkoba mzuri bei poa Dar es Salaam". Ni sawa? (Msomaji, Tabata)*

Marahaba, dada. Kazi hii huanzia kwenye karatasi, simu ikae pembeni kwanza. Fungua mazungumzo yako ya WhatsApp na uandike kila swali ambalo wateja wameuliza kuhusu mkoba huo kabla ya kulipa. Nina hakika utakuta yanajirudia: una ukubwa gani, ndani kuna bitana na zipu, mikanda imeshikwaje, ukiuweka chini unasimama, rangi yenyewe hasa ni ipi. Kila swali lipe picha moja. Kisha mbele ya kila swali andika jibu lake kwa sentensi moja, kama vile unamjibu mteja kwa simu na yeye hauoni mkoba. Sentensi hizo zitunze, maana ndizo zitakazoingia kwenye "Alt text", yaani maandishi yanayosimama badala ya picha kwa asiyeiona. Na zina faida nyingine hata kabla hujapiga: ukiona sentensi mbili zinasema jambo lilelile, picha moja kati ya hizo haina kazi, iache.

Kwa mkoba wako naona picha sita. Ya kwanza ni picha kuu, mkoba mzima kwa mbele. Ya pili kona, ili upana wa ubavu uonekane. Ya tatu ndani, ya nne kitako, ya tano pale mkanda wa ngozi unapoungana na ukili, na ya sita mtu ameuvaa begani. Mgongo wa mkoba usiupige kama umefanana na mbele.

Nianze na rangi, maana ndiyo iliyokurudishia mzigo. Balbu ya mwanga wa njano ina bluu kidogo sana ndani yake, na zambarau bila bluu inabaki nyekundu iliyofifia. Ndiyo hiyo damu ya mzee aliyoiona mteja wako. Wala hakukusingizia. Ukipiga karibu na dirisha huku taa ya chumbani inawaka, mambo yanaharibika zaidi: upande mmoja wa mkoba unapata mwanga wa mchana na mwingine wa balbu, na hakuna kitufe cha kurekebisha rangi kitakachonyoosha pande zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo piga Jumamosi au Jumapili asubuhi, taa zote zimezimwa, kwenye dirisha kubwa au kwenye kibaraza chenye kivuli. Jua la mchana la Dar lisipige moja kwa moja kwenye mkoba, litaacha vivuli vyeusi chini ya mikanda na weupe uliopitiliza juu yake. Angalia pia kilicho jirani. Ukuta wa kijani au turubai la bluu hutupa rangi yake kwenye bidhaa bila wewe kugundua.

Nunua manila nyeupe mbili dukani kwa vifaa vya shule. Moja ibandike ukutani, uishushe hadi mezani ikiwa imepinda taratibu, usiikunje, ili kusiwe na mstari nyuma ya mkoba. Dirisha liwe ubavuni mwa mkoba, na manila ya pili isimame upande wa pili kurudisha mwanga gizani. Mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha mistari ya ususi. Ukipiga kwa flashi ya simu, ukili wote unalala na kuonekana kama mkeka wa plastiki.

Ukishafuta lenzi kwa kitambaa laini, gusa mkoba kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole mpaka simu ifunge fokasi na mwanga, kisha pandisha mwanga kidogo. Simu ikiona nyeupe nyingi hudhani kumezidi mwanga na hujipunguzia, ndiyo maana manila hutoka ya kijivu na zambarau hutoka karibu nyeusi. Kipimo ni hicho hicho cha manila: kwenye picha ionekane nyeupe, si ya njano wala ya bluu. Halafu shika mkoba wenyewe kando ya simu, palepale dirishani, ulinganishe. Filta usiweke hata moja. Vioo vya simu za wateja vinatofautiana na hilo huliwezi, ila andika jina la rangi kwenye maelezo: zambarau iliyokoza, si damu ya mzee.

Kwenye picha kuu kosa ninaloliona sana ni mtu kusimama na kupiga akiinamia meza. Mdomo wa mkoba unakuwa mkubwa, kitako kinasinyaa. Shusha simu hadi ilingane na katikati ya mkoba, rudi nyuma kama mita moja na nusu, ukuze mara mbili. Ukisogea karibu na lenzi pana ya simu, kilicho mbele huvimba. Ndani ya mkoba jaza magazeti mpaka usimame vizuri, usiuvimbishe kuliko utakavyokuwa kwa mteja. Mkoba ujaze sehemu kubwa ya picha. Amazon, kwa mfano, hutaka bidhaa ichukue angalau asilimia 85 ya picha kuu, nyuma kuwe kweupe kabisa, na pasiwe na maandishi juu yake. Wewe huuzi huko, lakini kipimo hicho kinafaa hata Tabata. Acha nafasi kidogo pembeni ili picha iweze kukatwa mraba bila kula mikanda. Bei na namba ya simu visikae juu ya picha, viandike kwenye maelezo.

Sasa hapo ndipo penye mtego wa ukubwa. Kama kila mkoba umejaza picha kwa kiasi kilekile, mkoba wa kwendea sokoni na mkoba wa kubebea simu na pochi vitaonekana sawa kwenye ukurasa wako. Hakuna picha kuu inayoweza kumaliza tatizo hilo, kwa hiyo usiitese. Kazi hiyo ni ya picha ya begani: mtu amesimama, mkoba uko ubavuni mwake, anaonekana kuanzia bega hadi paja. Mkoba wako ukiwa na upana wa sentimita 38, kimo 28 na ubavu 14, mteja ataona unafika nyongani, na vipimo atavisoma kwenye maelezo. Kama huna wa kuuvaa, weka kando yake chupa ya maji ya lita moja na nusu, kitu ambacho kila mtu amekishika. Ua au kikombe cha kahawa hakisaidii, vikombe vina ukubwa wa kila namna.

Picha za karibu zinahitaji ujasiri kidogo, maana ndizo zinazoonyesha mshono. Pale mkanda unapoungana na ukili ndipo mnunuzi mzoefu anapotazama kwanza, kwa sababu mikoba mingi hufia hapo. Onyesha kama ngozi imeshonwa kwa uzi mnene au imepigiwa ribiti, na kama nyuma yake kuna kipande cha kuimarisha. Usisogeze simu mpaka iguse. Ikishindwa kufokasi, rudi nyuma kidogo ukuze, kisha panua picha uangalie kama uzi unahesabika. Picha ya ndani ipigwe kutoka juu, zipu wazi, mdomo umeelekezwa dirishani, na karatasi nyeupe iwe karibu ya kuangazia kitenge cha bitana. Magazeti yatoe kwanza! Na kama rangi ya ukindu haikukolea sawasawa sehemu fulani, hiyo nayo iingie kwenye picha mojawapo.

Tuje kwenye "Alt text". "Mkoba mzuri bei poa Dar es Salaam" haifai, na ubaya wake unauona ukijua nani anayeisoma. Asiyeona hutumia kisoma skrini, TalkBack kwenye Android au VoiceOver kwenye iPhone, na hicho humsomea kwa sauti maandishi hayo badala ya picha. Kwenye tovuti yako anasikia sentensi hiyohiyo mara sita, na hajui kama mkoba una zipu. Picha ikikosa neno `alt` kabisa kwenye kodi ya tovuti, huenda akasomewa jina la faili, msururu wa herufi na tarakimu. Maandishi ya "Alt text" pia hujitokeza picha inapokataa kufunguka kwa mtandao mbovu.

Chukua zile sentensi za kwenye karatasi. Anza na kitu chenyewe, kisha taja kile ambacho picha hiyo pekee inaonyesha. Usianze na "picha ya", kisoma skrini tayari kinasema kuwa ni picha. Sentensi moja, au mbili fupi, inatosha. Kwa picha tatu za mkoba wako, kijana wa tovuti ataweka hivi:

```html
<img src="mkoba-mbele.jpg" alt="Mkoba wa ukili wa zambarau iliyokoza, mikanda miwili ya ngozi ya kahawia, umesimama wenyewe">
<img src="mkoba-ndani.jpg" alt="Ndani ya mkoba: bitana ya kitenge cha njano, mfuko mmoja mdogo, zipu mdomoni">
<img src="mkoba-mkanda.jpg" alt="Mkanda wa ngozi umeshonwa kwenye ukili kwa uzi mweupe mnene na ribiti mbili">
```

Angalia kwamba rangi ya zambarau imetajwa mara moja tu. Anayesikiliza ameshaijua, kumrudia ni kumchosha. Neno "mzuri" halimo, kwa kuwa halimwambii kitu chochote kuhusu mkoba wenyewe. Bei nayo haimo, ipo chini kwenye maandishi ya kawaida ambayo kisoma skrini kinayafikia bila shida. Na kama mwanamitindo ndiye aliyeuvaa, taja mkoba unafika wapi mwilini: "Mkoba begani mwa mwanamke aliyesimama, kitako chake kinafika nyongani." Nguo zake hazihusiki, isipokuwa nazo unaziuza.

Picha zisizo na taarifa, kama ule mstari wa maua unaotenganisha bidhaa kwenye ukurasa, ziandikwe `alt=""`, ili kisoma skrini kizipite kimya. Mwambie pia kijana wako aweke `lang="sw"` kwenye ukurasa. Bila hiyo, kisoma skrini kinaweza kuyatamka maneno yako kwa matamshi ya Kiingereza.

Instagram ina sehemu yake. Kwa picha ulizokwisha kuweka, gusa vitone vitatu, chagua "Edit", kisha "Edit alt text", na ukiweka picha kadhaa kwenye chapisho moja, kila moja ina nafasi yake. Ukimaliza, washa TalkBack kwenye simu yako, fumba macho, upitie ukurasa wa mkoba huo kuanzia juu hadi chini. Ukifika mwisho bado hujui kama una zipu, rudi kwenye picha ya tatu.