Maswali na Majibu: Ruhusa ya Msiba kwa Aliye Kazini Ughaibuni

Mimi ni mlinzi Dubai, nyumbani ni Vihiga. Baba amefariki leo alfajiri. Nataka kumwandikia msimamizi hivi: "Boss, mzee ametuacha. Lazima niende home tumzike, nitarudi tukimaliza. Naomba unielewe." Niuwekeje kwa Kiingereza rasmi?

Pole sana kwa msiba. Ujumbe wako ungeeleweka vizuri kwa mtu wa kwenu, kwa sababu yeye anajua kwamba kamati itakaa, kwamba mazishi yataangukia Jumamosi, na kwamba baada ya kuzika mtabaki na mambo ya boma kwa siku kadhaa. Msimamizi wako hajui lolote katika hayo. Anachohitaji kujua ni nani amefariki, lini, wewe utakosekana kuanzia siku gani, na utasimama tena langoni siku gani. "Nitarudi tukimaliza" haimpi tarehe hata moja ya kujaza kwenye ratiba ya zamu, na hapo ndipo maombi mengi hukwama.

Kabla ya kuandika, tenganisha likizo mbili ambazo umezichanganya. Sheria ya kazi ya Emirati ya mwaka 2021 inampa mfanyakazi wa kampuni binafsi siku tatu zenye malipo anapofiwa na mzazi, na siku tano anapofiwa na mume au mke. Siku hizo ni haki yako, lakini huhesabiwa tangu tarehe ya kifo, kwa hiyo zitakuwa zimekwisha kabla hata jeneza halijaondoka mochari. Siku nyingine zote hadi mazishi itabidi zitoke kwenye likizo yako ya mwaka, ambayo ni siku 30 kwa aliyetimiza mwaka mmoja kazini, na mwajiri ndiye mwenye kauli juu ya lini uichukue.

Basi barua moja inabeba sauti mbili. Zile siku tatu unazitaja kwa heshima kama jambo unalolichukua. Zile za likizo ya mwaka unaziomba. Ukisema "lazima" juu ya zote, umeamuru pale ulipotakiwa kuomba. Ukiomba zote kwa kunyenyekea, huenda ukakatwa siku tatu za likizo ya mwaka ambazo hazikupaswa kukatwa. Tuseme leo ni tarehe 10 Juni na familia inalenga kuzika Jumamosi ya tarehe 20:

```
Subject: Bereavement leave and annual leave, 10-24 June

Dear Sir,

My father died in Kenya this morning, 10 June. I will be
taking three days of bereavement leave, 10 to 12 June.
I would be grateful if you would also approve annual leave
from 13 to 24 June so that I can attend the burial.
I will report for duty on 25 June.

I will send the burial permit as soon as it is issued.

Yours faithfully,
[jina na namba ya kazi]
```

Tazama kwamba siku ya mazishi yenyewe haikutajwa. Kamati za kwetu huisogeza tarehe kwa sababu ya mchango au ndugu aliye njiani, na ukishaiandika kisha ikabadilika, utaonekana mtu wa maneno mawili. Tarehe za kuondoka na kurudi ndizo ahadi yako, na siku zilizobaki baada ya mazishi zinatosha kukufikisha Nairobi na uwanja wa ndege bila kukimbizana. Ugonjwa wa mzee, gharama za hospitali na ombi la kukopeshwa mshahara yasiingie humu; ukihitaji mkopo, uandikie ujumbe wake.

Nawaomba pia walio nyumbani: mwambieni kijana aliye mbali tarehe mnayokusudia siku ile ile ya kwanza, kwa maana kazi yake inaning'inia kwenye neno lenu.

Aliyefariki ni baba mdogo. Ndiye aliyenilea Kisumu na kunisomesha. Kwetu huyo ni baba. Nikiandika "father" kuna ubaya gani?

Upo ubaya mkubwa, ingawa moyoni mwako husemi uongo. Sheria niliyoitaja hapo juu inawataja wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, babu na bibi, na wajukuu. Baba mdogo hayumo. Ukiandika "father", jina lililo kwenye kibali cha mazishi halitalingana na jina la baba lililo kwenye hati zako, na karani atauliza. Hata asipouliza, faili yako itaandikwa kwamba umefiwa na baba. Siku baba aliyekuzaa atakapofariki, utamwelezaje mwajiri huyo huyo? Maombi ya Wakenya wengine katika kampuni hiyo nayo yataanza kutiliwa shaka kwa ajili yako.

Andika ukweli wote, kwa sababu una uzito wake: "my uncle, my father's younger brother, who raised me." Kisha omba likizo ya mwaka, au likizo isiyo na malipo kama siku zako zimekwisha. Msimamizi anaweza kukataa, lakini maneno "who raised me" humpa sababu ya kukubali ambayo "my uncle" peke yake haimpi.

Nitume kwa WhatsApp au barua pepe?

Kwa barua pepe, kisha mstari mmoja WhatsApp wa kumjulisha msimamizi kwamba umeituma. Usipande ndege kabla jibu la maandishi halijafika.

Sisi ni Waislamu wa Mumias. Mama anazikwa leo hii alasiri, siwezi kufika. Kuna haja ya kuandika?

Ipo. Kama uko Emirati kwenye kampuni, siku tatu zinatokana na kifo, si na safari, na unaweza kuzichukua ukiwa huko huko.

Ofisi inataka cheti cha kifo na sisi hatujakipata.

Hakitoki haraka, na hili nimelijibu mara nyingi. Tuma picha ya kibali cha mazishi, ambacho hutolewa kabla ya kuzika. Aliyefia hospitalini, taarifa huanzia hospitalini. Aliyefia nyumbani, ndugu waende kwa naibu wa chifu. Waambie ofisini kwamba cheti kitafuata, na kweli ukitume.

Nitumie barua iliyo tayari, nibandike jina tu.

Sitatuma. Niambie nani amefariki, uko nchi gani, mkataba wako ni wa kampuni au wa nyumba, na una siku ngapi za likizo. Bila hayo, barua itadai haki usiyokuwa nayo au kuacha iliyo yako.

Nafanya kazi za ndani Riyadh, kwetu ni Nakuru. Madam amekubali kwa mdomo niende kumzika mama na amesema tiketi ni yake. Bado niandike?

Andika leo, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu, na utaje tarehe ya kurudi. Wafanyakazi wa nyumbani wana kanuni zao huko, tofauti na za kampuni, kwa hiyo usitegemee siku ulizosikia mwenzako wa kampuni amepewa. La kukuhangaisha zaidi ni viza. Ili urudi kazini, ni lazima upate viza ya kutoka na kurudi, ambayo kwenye skrini husomeka "Exit/Re-Entry". Ikiwa imetolewa "Final Exit", ukishavuka uwanja wa ndege kibali chako cha ukaazi kimekwisha, na tiketi haitakusaidia. Sisemi kwamba madam ana nia mbaya. Ninasema uombe kuiona viza hiyo kwa macho yako kabla hujafunga sanduku, uisome jina lake na siku yake ya mwisho, na upige picha uitume kwa ndugu yako Nakuru. Siku ya mwisho ikiwa mapema kuliko tarehe uliyoiandika, mwombe airekebishe ukiwa bado Riyadh.