Ncha za dhahabu, shaba ya "OFC" na waya uliomo ndani

*Fundi, spika za barazani ziko mita 12 kutoka kwenye amplifaya. Nimenunua waya ulioandikwa OFC, yaani shaba isiyo na oksijeni, lakini sauti imefifia na besi imelegea. Niongeze pesa ninunue OFC halisi?*
Msomaji, Bamburi

Ndugu yangu, kabla hujatoa hata shilingi, chukua wembe ukwangue uzi mmoja wa huo waya. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyovikwa ngozi ya shaba, na fundi huijua kwa herufi CCA. Dalili nyingine ni uzito: bunda lake ni jepesi mkononi kuliko ukubwa wake. Ukiuweka uzi wake mwembamba kwenye moto wa kiberiti cha gesi, hulegea na kukatika upesi, ambapo shaba huiva ikawa nyekundu na kubaki imesimama. Neno OFC lililochapishwa kwenye ganda la plastiki halikuzuii kukuta aluminiamu ndani. Mimi nimeshaikuta zaidi ya mara moja, na waliouziwa walilipa bei ya shaba.

Sasa tupige hesabu ya baraza lako. Umeme wa sauti huenda na kurudi, kwa hiyo mita 12 ni mita 24 za waya. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5, hata ukiwa wa shaba safi, huwa na ukinzani wa omu 0.8 hivi kwa urefu huo. Ukiwa wa aluminiamu iliyovikwa shaba unafika omu 1.3. Spika yako ikiwa ya omu 4, robo ya nguvu inayotoka kwenye amplifaya inaishia kupasha waya joto. Na kwa kuwa ukinzani wa spika hubadilika kutoka noti hadi noti, waya mwembamba hauishii kupunguza sauti, unaigeuza pia. Ndiyo maana besi unaisikia imelegea.

Badilisha uweke shaba ya milimita za mraba 2.5, ile ile ya kawaida ya dukani. Ukinzani utashuka hadi omu 0.17, na upotevu utakuwa kama asilimia 4. Ukiamua kulipia OFC ya kweli kwa unene huo huo, utapunguza chini ya omu 0.002. Hakuna sikio litakaloipata tofauti hiyo, wala mita ya kawaida ya fundi haitaiona.

Mita hiyo inaweza kukusaidia kwa jambo jingine. Chomoa waya kwenye spika na kwenye amplifaya, funga pamoja ncha zake mbili upande wa spika, kisha pima omu kwenye ncha za upande wa amplifaya. Kwanza gusanisha vipimio vyenyewe na uondoe namba utakayoisoma hapo. Kwa spika ya omu 4, kitakachobaki kisizidi omu 0.2; kwa ya omu 8, kisizidi 0.4.

*Kwani hiyo oksijeni inaharibu nini kwenye shaba, mpaka watu waitoe?*
Mwanafunzi, Kisauni

Swali zuri, mwanangu. Shaba ya kawaida ya nyaya za umeme ni safi kwa asilimia 99.9, na oksijeni iliyomo ni sehemu ndogo mno, kama asilimia 0.02 hadi 0.04. Ukiipasha shaba hiyo moto mkali mahali penye gesi ya haidrojeni, haidrojeni huingia ndani, hukutana na oksijeni na kuwa mvuke wa maji, nao mvuke huipasua shaba kutoka ndani. Hasara hiyo ni ya viwanda vinavyochomelea vifaa vya utupu na kadhalika. Huko shaba isiyo na oksijeni ni lazima. Kwa kupitisha umeme inaizidi ya kawaida kwa asilimia 1 tu, na sebuleni kwenu hakuna tanuri ya haidrojeni.

*Muuzaji aniambia kebo ya HDMI ya dhahabu yafanya rangi za TV zikolee. Ni kweli?*
Mama wa watoto watatu, Likoni

Si kweli, mama. Picha kwenye HDMI hupita kama namba. Namba zikifika sawasawa, rangi ni zile zile kwa kebo yoyote. Zisipofika utaona nyota nyeupe zinametameta kwenye picha, au kioo kinakuwa cheusi sekunde mbili kisha kinarudi. Hutaona rangi zilizopauka.

Tena ile dhahabu unayoiona kwa nje ni ganda la plagi tu. Picha haipiti pale; inapita kwenye vipini 19 vilivyo ndani, na hivyo mara nyingi vimepakwa dhahabu hata kwenye kebo ya bei nafuu.

Angalia urefu na lebo. Kwa mita 2 au 3, kebo yoyote iliyotengenezwa vizuri yatosha. Kwa TV ya 4K tafuta boksi lenye lebo ya `Premium High Speed` yenye msimbo wa kuskani. Ukipita mita 5, kebo ya shaba huanza kushindwa kwa 4K, na hapo inafaa ile ya nyuzi za mwanga. Ukitaka kujua kama kebo uliyonayo imezidiwa, shusha picha kutoka 4K hadi 1080p kwenye mipangilio. Nyota zikitoweka, kebo ndiyo haiwezi.

*Basi dhahabu haina kazi kabisa?*
Msomaji, Nyali

Ina kazi, na hasa kwetu. Dhahabu hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 70 ya shaba, kwa hiyo haitumiki kwa kuongeza sauti. Inatumika kwa sababu haishiki kutu. Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na plagi ya shaba nyeupe au nikeli ikikaa nyuma ya TV karibu na bahari huota utando. Ukiizungusha kidogo kwenye tundu lake unasikia kukwaruza kwenye spika.

Tatizo ni unene. Dhahabu ya plagi za bei rahisi mara nyingi haifiki hata sehemu moja ya kumi ya maikroni, na unywele wako una kama maikroni 70. Inaisha kwa kuchomekwa na kuchomolewa mara chache. Isipokuwa na tabaka la nikeli chini yake, chumvi hupenya vitundu vyake na utaona madoa ya kijani juu ya dhahabu. Plagi ya namna hiyo ifute kwa spiriti na kitambaa. Msasa usiuguse, utamaliza kile kidogo kilichobaki.

*Na kebo ya mwanga, ile ya sauti yenye taa nyekundu, ncha yake ya dhahabu?*
Msomaji, Mtwapa

Ni pambo. Mwanga unapita kwenye uzi wa plastiki, na chuma cha nje hakiugusi. Kagua tu kioo cha ncha kisiwe na vumbi, na usiikunje kebo kwa kona kali.

*Waya wangu wa spika wenye ganda la kung'aa umegeuka kijani ndani. Niutupe?*
Msomaji, Tudor

Usiutupe bado. Ukijani uko juu ya shaba; chini yake chuma bado kizima na sauti inapita. Unapodhuru ni mwishoni, pale waya unapobanwa kwenye amplifaya na spika. Kata sentimita 5, chuna, angalia. Ukikuta shaba inang'aa, funga upya na ukaze. Ukikuta kijani bado, kata tena. Ukienda mita nzima bila kuifikia shaba safi, nunua mwingine, na safari hii ulizia waya wa shaba iliyopakwa bati, ule wanaotumia mafundi wa umeme wa maboti. Bati hufunika kila uzi mmoja mmoja, na ndiyo maana waya huo hudumu kwenye maji ya chumvi.