Printa inajibu ping lakini haichapi

«Nina printa 14 na skana 3. Napingi kila dakika, zote kijani, watu bado wanalalamika. Nakosea wapi?»

Kuna jamaa aliyekujibu kuwa ping inatosha; yuko sahihi nusu: inakuambia kadi ya mtandao iko hai, basi. Trei ikiwa tupu, kadi bado inajibu. Iulize printa yenyewe kwa SNMP, itifaki ya kuuliza vifaa vya mtandao hali yao:

```
snmpget -v1 -c public -Ox 192.168.1.40 1.3.6.1.2.1.25.3.5.1.2.1
```

Ikirudi 40, karatasi zimeisha, 04 zimekwama, 08 mlango uko wazi, 20 tona inakaribia kuisha. Hujumlishwa, kwa hiyo 48 ni mlango wazi na karatasi hakuna. Usiache `-Ox`, ndiyo inayoonyesha jibu kwa heksadesimali: mimi niliiacha, nikaletewa alama ya `@` na kupoteza asubuhi nzima, kumbe ndiyo 40 hiyo hiyo.

Uliza kila dakika 5, na toa taarifa hali ikijirudia mara mbili, maana mtu anayejaza karatasi naye hufungua trei.

Skana ni kesi nyingine. Nenosiri la folda ya kupokelea likibadilishwa, swali hili halitaona kitu. Mimi bado natuma ukurasa wa majaribio kwa mkono. Mwenye njia bora aseme.