Kurasa mbili za "damu ikimwagika" nilivyozifanya hatua 12

Mnaokuja fildi maabara mwezi huu, mtapewa faili la miongozo mtaambiwa msome msaini. Mtasaini, najua, na mimi nilisaini. Ila kuna siku utaambiwa "hebu uandike upya huu, hausomeki", na hapo ndo nataka niseme ninachokijua, maana hiyo kazi nilipewa nikiwa na miezi minne tu kazini, mwongozo wa damu ikimwagika, kurasa mbili zimebanana hakuna hata namba.

Sababu ya kuandika upya ilikuwa hivi. Tyubu ya damu ilidondoka sakafuni, dogo mmoja wa fildi akafunika vizuri kwa karatasi, akasoma mwongozo ukutani umeandikwa "mwaga klorini baada ya dakika kumi", basi akakaa akasubiri dakika kumi, halafu akachukua ndoo ya klorini akaenda kuimwaga kwenye sinki. Tulicheka ila kosa si lake. Kwa Kiswahili mwaga ni kumimina juu ya kitu na mwaga ni kutupa, na kwenye ukurasa huohuo damu nayo "imemwagika". Neno moja linafanya kazi tatu.

Kwa hiyo kabla sijaweka namba hata moja nilichukua kalamu nyekundu nikazungushia vitenzi vyote. Usianze na namba jamani, ukianza na namba utakata aya vipandevipande na utata unabaki humohumo, sema sasa una namba mbele. Nilikuta sehemu moja wameandika safisha, kwingine futa, kwingine takasa, pangusa, osha, na ukiuliza aliyeandika anasema zote ni kitu kimoja! Msomaji hajui hilo, yeye anaona maneno matano anatafuta vitendo vitano. Nikatengeneza orodha yangu pembeni, kila kitendo neno lake na neno halina kazi ya pili: mimina ni kuweka klorini juu ya kitu, tia ni kuweka taka kwenye chombo chake, pangusa ni kupitisha karatasi iliyolowa, vua ni ya vifaa vya mwilini. "Toa glavu" niliifuta kabisa, maana unazitoa kwenye boksi au unazitoa mkononi? "Mwaga" nayo ikabaki kwa damu tu, kwenye kichwa cha habari na hatua ya 1.

Kuna nyingine ilinichukua muda kuiona. "Pangusa mara moja kwa klorini." Mara moja ni sasa hivi au ni mara 1? Mimi nilielewa sasa hivi, mwenzangu wa zamu alielewa usirudie, na ukweli ni kwamba aliyeandika alitaka tupanguse mara mbili, ila hiyo ya pili kaificha aya ya chini. Sasa naandika "mara 2" kwa tarakimu, na haraka nasema "papo hapo". Na viambishi navyo vinadanganya, "funika chupa kwa pamba kisha itupe", kipi kitupwe? Chupa na pamba zote ni i-. Rudia jina la kitu, haijalishi sentensi inasikika kama ya mtoto.

"Hakikisha" nayo niliipunguza sana. Hakikisha eneo ni salama, sawa, nifanye nini kwa mkono wangu? Andika kitu ambacho mtu mwingine akisimama mlangoni anaweza kuona umekifanya au hujakifanya.

Halafu mpangilio. Ule wa zamani ulimaliza na "kabla ya yote hayo mhusika awe amevaa glavu na aproni", mstari wa mwisho kabisa, mtu keshashika damu huyo. Panga kwa jinsi mikono inavyofuatana, na sharti litangulie amri: "kama kuna vioo, okota", sio "okota vioo kama vipo".

Hii ndo iliyotoka, ni ya damu tu:

1. Waambie waliopo: damu imemwagika.
2. Zuia njia kwa viti.
3. Vaa aproni, miwani ya kinga na glavu nzito.
4. Funika damu yote kwa karatasi za kunyonya.
5. Mimina klorini ya asilimia 0.5 juu ya karatasi, anzia pembeni kuelekea katikati, mpaka karatasi zote zilowe.
6. Subiri dakika 10, hesabu kuanzia karatasi ya mwisho ilipolowa.
7. Kama kuna vioo, okota kila kipande kwa fosepsi, tia vioo kwenye sefti boksi. Usishike kioo kwa mkono.
8. Kusanya karatasi, tia karatasi kwenye mfuko wa njano.
9. Pangusa sehemu ya damu kwa karatasi mpya yenye klorini, mara 2.
10. Vua glavu, halafu miwani, halafu aproni.
11. Nawa mikono kwa sabuni na maji.
12. Andika tukio kwenye rejista kabla hujatoka zamu.

Hatua ya 5 unaona inategemea klorini ambayo ipo tayari. Hapo nilikosea kwanza, niliingiza namna ya kuchanganya humohumo ikawa mtu anapiga hesabu huku damu iko chini. Nikaitoa nikaibandika juu ya ndoo, inafanywa asubuhi. Na huko nako palikuwa na utata, waliandika "jiki 1:6". Wengine wakasoma kikombe kimoja ndani ya vikombe sita vyote kwa pamoja. Hesabu yenyewe ni gawanya asilimia ya kwenye chupa kwa asilimia unayotaka halafu toa moja: 3.5 gawanya kwa 0.5 ni 7, toa 1 ni 6, kwa hiyo kikombe 1 cha jiki na vikombe 6 vya maji. Chupa ikiwa ya asilimia 5 maji yanakuwa vikombe 9, na mtu aliyezoea 9 akikutana na chupa ya 3.5 anapata 0.35, dhaifu, na kwa macho huoni tofauti. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwenye ndoo ni "Soma asilimia kwenye chupa". Na lebo ya muda tuliandika "saa 2 asubuhi" kwa maneno, maana kuna siku ndoo iliandikwa saa 2 tu, mwingine akasoma kizungu akadhani ni ya mchana kumbe ya asubuhi ya jana.

Makohozi ya TB usiyachomeke humu kwa "au". Pale mnatoka chumbani kwanza, mlango unafungwa, mnasubiri angalau nusu saa hewa itulie ndo mtu anarudi akiwa na barakoa yake. Mfuatano tofauti, karatasi tofauti.

Ukimaliza usimpe bosi asome, bosi anaijua kazi atajaza mapengo kichwani bila kujua. Mimi nilimpa dada wa usafi, nikamwaga maji yenye rangi nyekundu sakafuni, nikasimama kimya kabisa na daftari. Alikwama mara mbili. Hatua ya 4 aliniangalia, "karatasi ziko wapi?", kumbe kabatini na kabati limefungwa. Na hatua ya 6 akatazama ukutani, akatazama tena, saa ya ukutani imesimama, betri imeisha sijui tangu lini. Karatasi za kunyonya sasa zinakaa kwenye ndoo yake chini ya benchi pamoja na fosepsi, na betri nilinunua mwenyewe kwa muuza duka wa getini.