Barua kwa mwanangu aliye Siyu: ute, maji na saa ya kuondoka

"Mama, shikamoo. Leo alfajiri nimeona ute mzito una michirizi ya damu, lakini sisikii uchungu wowote. Mavyaa anasema tusiende popote mpaka chupa ivunjike na uchungu ukolee. Nitajuaje kuwa saa imefika, na niondoke lini?"

Mwanangu,

Marahaba. Kama mtoto anacheza kama alivyozoea na huna uchungu, leo huna haja ya kuondoka. Endelea na kazi zako nyepesi, kula, lala mchana. Lakini soma barua hii yote, kisha umpe mumeo naye asome, kwa sababu kuna jambo moja ambalo mavyaa wako amelikosea, nalo ndilo lililonifanya nikae niandike badala ya kukupigia tu simu.

Huo ute ni dalili njema. Muda wote wa mimba mlango wa kizazi huwa umezibwa na ute mzito kama kizibo. Mlango unapoanza kulainika na kufunguka kidogo, kizibo kinaachia, na vimishipa vyembamba vya damu vilivyo hapo vinakatika. Ndiyo michirizi uliyoiona. Ukiwa wa rangi ya waridi, au wa kahawia kama damu iliyokaa, na wingi wake ni kijiko au viwili, ni sawa. Unaweza kutoka mara moja, unaweza kutoka vipande vipande siku mbili tatu. Tatizo lake ni kwamba hauna saa. Kuna mwanamke anayeuona alfajiri na magharibi anamkumbatia mwanawe, na kuna anayeuona akangoja wiki nzima au hata mbili. Kwa hiyo ute unakwambia mwili umeanza kujiandaa, basi. Tia begi mlangoni, usipande chombo kwa ajili yake.

Damu ni jambo jingine. Ikitoka damu nyekundu mbichi, inayotiririka au kulowesha pedi, bila ute ndani yake, hiyo siyo dalili ya uzazi, ni hatari. Hapo huendi kuoga wala kubadilisha leso mara ya pili, unatoka nyumbani. Na asikuingize mtu kidole kutazama, hata awe mkunga wa miaka mingi, kwa sababu kondo likiwa limekaa chini, kidole kinaweza kufungua damu isiyozuilika. Vivyo hivyo tumbo likikaza likabaki gumu kama ubao, lisiachie, hata kama damu unayoiona ni kidogo.

Sasa nije kwenye maji, ambapo ndipo mavyaa amekosea. Namheshimu, amezaa watoto wake wote nyumbani na Mungu amemlindia. Lakini kungoja chupa ivunjike na halafu kungoja tena uchungu ukolee ni mambo mawili, na la pili ndilo lenye hatari. Maji yakishatoka unakwenda kliniki, uchungu uwepo usiwepo. Maana ile chupa ni ngozi inayomtenga mtoto na wadudu walio huku chini. Ikipasuka, njia iko wazi, na kila saa inayopita wadudu wanapanda. Wanawake wengi uchungu huwaanza wenyewe ndani ya siku moja baada ya maji kutoka, ila huwezi kujua kama wewe ni miongoni mwao.

Nilipokuwa wodi ya wazazi aliletwa binti wa kijiji cha ng'ambo, mimba yake ya kwanza, umri wako. Maji yalianza kumtoka saa tatu usiku, lakini hayakumwagika kwa kishindo. Yalikuwa yanachuruzika kidogo kidogo, akadhani ni mkojo, maana mwisho wa mimba mtoto hukalia kibofu. Akajifunga leso nyingine akalala. Kesho yake jioni ndipo alipomwambia mkubwa wa nyumba, akaambiwa uchungu bado, ngoja. Alifika kwetu siku ya tatu saa saba mchana, saa arubaini tangu tone la kwanza. Mwili unachemka, maji yananuka, na moyo wa mtoto unakwenda mbio. Mtoto alizaliwa hai, lakini alikaa hospitali wiki nzima akidungwa sindano za dawa, na mamake naye. Wangefika asubuhi ya kwanza, angepewa dawa mapema na uchungu wake kuanzishwa kwa utaratibu. Nilipomwuliza maji yalianza lini, alikumbuka saa barabara. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba saa hiyo ndiyo ya kuhesabia.

Basi ujue kuyatambua. Ukihisi majimaji na una shaka, nenda haja ndogo umalize kibofu chote. Vaa pedi safi, nyeupe, siyo kitambaa cha rangi, ujilaze kama nusu saa. Kisha simama. Kama ni maji ya chupa, yalikuwa yamejikusanya ulipolala, na ukisimama yatashuka. Jaribu kuyabana kama unavyobana mkojo: mkojo hutii, maji haya hayatii. Halafu nusa pedi. Mkojo unajulikana kwa ukali wake, maji ya chupa yana kiharufu chepesi tu, hayaumi pua. Ukiloweka pedi ya kwanza, na ya pili ikalowa tena, usiendelee kujipima. Na hata ukibaki na shaka, nenda. Kliniki watatazama kwa kifaa bila kukuchokoa, na ukiambiwa ni mkojo utarudi nyumbani bila aibu yoyote.

Tazama na rangi. Yakiwa meupe maangavu au yana unjano hafifu, au yana uwaridi kidogo wa ule ute, ni sawa. Yakiwa ya kijani au ya kahawia, mtoto amejisaidia humo ndani, na inabidi moyo wake usikilizwe upesi. Yakinuka, au ukisikia baridi na homa, upesi vilevile. Usiitupe hiyo pedi. Itie kwenye mfuko uende nayo, nesi aione kwa macho yake. Na uandike saa, kwenye jalada la kitabu cha kliniki ikiwezekana, kwani ndilo swali la kwanza utakaloulizwa. Kuanzia hapo usikutane na mumeo, usijisafishe kwa ndani, wala usiweke dawa yoyote ya miti huko chini.

Kuna jambo linalokuhusu wewe hasa. Katika picha ya kitabu uliyonitumia, nesi ameandika kuwa kichwa bado kiko juu, hakijashuka kwenye nyonga. Mara nyingi hakuna neno, kitashuka. Ila maji yakimwagika kwa wingi wakati kichwa kiko juu, kitovu cha mtoto kinaweza kutangulia kupita pembeni, kisha kichwa kikakibana. Ni nadra, lakini haingoji. Maji yakimwagika kwa kishindo, ukahisi kitu laini kinaning'inia ukeni, au ukakiona, piga magoti papo hapo ukae kama umesujudu, kifua chini na makalio juu, ili uzito wa mtoto urudi nyuma uache kukibana. Usikirudishe ndani wala usikivute. Mwingine ndiye atafute chombo na apige simu hospitali. Wakikubeba, ulale ubavu wa kushoto, mito chini ya nyonga. Na hata usipohisi kitu, kwa kuwa kichwa kiko juu, maji yakitoka usitembee tembee. Safari uifanye umelala.

Uchungu wenyewe nitakwambia kwa ufupi, maana huo utaujua. Ule wa uongo huja bila mpango, ukitembea au ukilala unapungua. Wa kweli unarudi kwa zamu, unaanzia mgongoni unazunguka mbele, na kila zamu inakuwa ndefu kuliko iliyopita. Hesabu tangu mmoja unapoanza hadi mwingine unapoanza. Ukianza saa 2:10 na mwingine saa 2:20, basi ni dakika 10. Mimi hapa Mkomani, mjini Lamu, hospitali ikiwa karibu, ningemwambia msichana wa mimba ya kwanza angoje mpaka zifike dakika 5, kila mmoja ukikaa kama dakika moja, kwa muda wa saa nzima. Wewe wa Siyu usingoje hizo tano. Zikifika dakika 10 na zikadumu saa nzima, ondoka.

Unajua kwa nini. Huo mlango wa mikoko wa Siyu maji yakipwa ni tope tupu. Wiki hii mwezi unaandama, ni bamvua: maji yatajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na yatapwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Chupa ikivunjika saa tatu usiku, boti haitoki hapo mpaka usiku wa manane umepita. Kwa hiyo mumeo asiwaze boti ya Lamu kwanza. Akupeleke Faza, humo humo kisiwani Pate, kwa njia ya nchi kavu, hospitali iko, na wao wakiona haja ya kukuleta Lamu watapanga chombo. Azungumze leo na mwenye gari, siyo pikipiki, akubaliane naye bei na amwambie kabisa kwamba huenda akaamshwa usiku.

Na pasipo ute, pasipo maji, pasipo uchungu, bado kuna mambo ya kukutoa nyumbani saa yoyote: mtoto akipunguza kucheza, kichwa kikikuuma sana, macho yakiona vimulimuli, au uso na mikono kuvimba ghafla. Hayo usimngoje mtu akuruhusu.

Begi litie kitabu cha kliniki, kitambulisho, pedi pakiti mbili, leso nne, nguo za mtoto na kofia yake. Mimi ninavuka Alhamisi kwa boti ya Mtangawanda. Mavyaa nitazungumza naye mwenyewe nikifika, wewe usibishane naye.

Magharibi ya leo nipigie uniambie pedi imetoka rangi gani, na mtoto amechezaje tangu asubuhi.

Mamako