Mauzo ya matawi na mzigo unaohamishwa

"Nina duka la saruji Igoma na lingine Sengerema. Nikijumlisha ripoti, mauzo yanazidi hela. Nakosea wapi?"

Mzigo wa Sengerema unaandikwa Igoma kama mauzo, kisha mteja akinunua unahesabika tena. Tuseme Igoma ilinunua mifuko 500, ikauza 250 na kupeleka 100 Sengerema, ambako imeuzwa 60. Mauzo halisi ni 310, lakini ripoti itasema 410. Uhamisho uandikwe kwa hati yake, kwa bei ya kununulia. Ukipeleka kwa bei yenye faida, ile 40 iliyobaki Sengerema itaonyesha faida ambayo hakuna mteja aliyeilipa.

Wapo wanaosema utoe tu uhamisho kwenye jumla, na kwa mauzo wako sahihi. Stoki ndiyo inabaki na shida: mzigo ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga tarehe 31, Igoma imeshautoa na Sengerema haijaupokea. Fungua stoo ya tatu, iite "Njiani". Igoma ikitoa, mzigo uingie humo. Sengerema ikipokea, utoke. Salio likikaa humo siku nyingi baada ya gari kushusha, kuna hati haijaingizwa au mifuko imepungua. Nafanya hivi kwenye hesabu za maduka hapa Mwanza. Mifuko iliyopasuka njiani bado tunabishana ni hasara ya tawi lipi.