Picha za mikoko ya Gazi: kutoka daftari hadi slaidi

Ukirudi kutoka ziara ya mikoko ya Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, usikimbilie kupanga slaidi. Kwanza oanisha kila picha na dondoo yake daftarini kwa kutumia saa. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuingia mikokoni, piga picha ya saa ya simu kwa kamera utakayotumia. Kamera ikiwa nyuma kwa dakika saba utaliona hilo, nawe utaongeza dakika saba kwa kila picha. Picha za wenzako zikija kwa WhatsApp kama picha za kawaida hubanwa, na kumbukumbu ya saa na mahali hufutika. Waombe wazitume kwa kuchagua Document. Faili yenye jina kama IMG-20240512-WA0003 imeshapitia njia hiyo ya kawaida, kwa hiyo usiitegemee kwa saa.

Sasa andika matokeo kwa sentensi moja, kabla ya kuchagua picha hata moja. Tuseme kamba yenu ya kupimia imeonyesha kuwa, kati ya aina za mikoko, mlilana uko upande wa bahari, aina iitwayo mkoko katikati, kisha mkandaa, na mchu karibu na nchi kavu. Sentensi hiyo ndiyo itakayochagua picha: moja au mbili kwa kila ukanda, zikifuatana kutoka baharini kwenda bara, hata kama ninyi mlitembea kinyume chake. Wengi hupanga kwa saa ya kupiga, na mtazamaji hauoni mpangilio wa miti, anaona safari yenu tu. Picha ya pamoja mkitabasamu inatosha moja, mwanzoni.

Maelezo ya picha ndiyo kazi yenyewe. “Mikoko ya Gazi” hayamsaidii mtu. Linganisha na haya: “Mizizi ya mchu ikichomoza kwenye tope, mita 15 kutoka ukingo wa nchi kavu. Ni myembamba kama penseli na huupatia mti hewa, kwa kuwa tope halina oksijeni ya kutosha. Rula ni sm 30.” Jicho linaona vijiti tu; umbali, kazi ya mizizi na ukubwa vimetoka daftarini. Picha isiyo na rula wala kitu cha kulinganishia usiikadirie ukubwa baadaye, iache bila kipimo. Mchu pia huweza kuota upande wa bahari, kwa hiyo ukiuona huko, onyesha picha hiyo. Usiifiche kwa kuwa inaharibu mpangilio.

Maneno yasizidi mistari mitatu, herufi zisipungue ukubwa wa 24, na yakae chini ya picha, kwa sababu juu ya majani hayasomeki kwenye projekta.

Slaidi ya matokeo iwe na idadi ya miti kwa kila ukanda na iseme wazi kuwa mmepima mstari mmoja tu. Na picha ya kisiki inathibitisha kwamba mti ulikatwa. Aliyeukata na wakati alioukata haimo pichani, hivyo usiandike “wavuvi wanakata mikoko” kama daftarini hamna mahojiano yanayosema hivyo.